Njia, Bidhaa na Matokeo: Kuifupisha Sura ya Biashara ya Misafara

Sura ya biashara ya misafara katika vitabu vingi vya historia huanza na Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja, hupita Tabora na Ujiji, hurudi Kilwa, huwagusa Wakamba, kisha humalizia na Mirambo na Tippu Tip. Huo ni mpangilio wa msimulizi. Swali la insha huuliza kwa mpangilio mwingine: njia zilipita wapi, zilibeba nini, na watu wa bara na pwani walibadilika vipi kwa sababu ya biashara hiyo. Kazi ya muhtasari ni kuitoa sura kwenye mpangilio wa kwanza na kuiweka kwenye wa pili, bila kupoteza kamba inayounganisha jambo moja na jingine.

Kamba hiyo ndiyo inayokatika mara nyingi. Mwanafunzi hugawa karatasi katika safu tatu, akaandika njia zote katika safu ya kwanza, bidhaa zote katika ya pili na matokeo yote katika ya tatu. Karatasi huonekana nadhifu, lakini katika safu ya bidhaa pembe za ndovu, watumwa, chumvi, shaba na bunduki hukaa pamoja kana kwamba kila msafara uliobisha hodi pwani ulibeba vyote kwa kipimo kimoja. Mara nyingine hata dhahabu huingia humo, na hiyo ni dalili kwamba muhtasari umeharibika. Dhahabu iliyoitajirisha Kilwa ilitoka Zimbabwe kupitia Sofala, na ni habari ya Kilwa Kisiwani ya karne ya 14. Biashara ya misafara ya karne ya 19 ilikuwa na bandari yake kule kusini, Kilwa Kivinje, na bandari hiyo haikutajirika kwa dhahabu.

Dawa yake ni kuigawa karatasi kwa mistari ya kulala kwanza. Kila njia hupewa mstari wake, na bidhaa na matokeo huandikwa mbele ya njia yake. Safu tatu hubaki zile zile, ila sasa haiwezekani kuandika tokeo bila kuliona limekaa kwenye njia gani na limeletwa na bidhaa gani.

Kabla ya hapo sura husomwa mara mbili. Mara ya kwanza husomwa moja kwa moja bila kuandika chochote, ili mwanafunzi ajue inakoelekea. Mara ya pili husomwa penseli mkononi, na pembeni ya kila aya huwekwa herufi: N kwa njia, B kwa bidhaa, M kwa matokeo. Herufi ya nne, S, huwekwa kwenye sababu. Hiyo ya nne husahaulika, na kusahaulika kwake kuna gharama: aya za mwanzo wa sura kwa kawaida hueleza kwa nini biashara ilikua, na asiyezitenga huzirudisha baadaye kama matokeo. Mkataba wa Said na Wamarekani wa mwaka 1833, upanuzi wa mashamba ya karafuu Unguja na Pemba, na hamu ya Ulaya, Marekani na India ya kupata pembe za ndovu kwa ajili ya vitana, vibonyezo vya piano na bangili, hayo yote ni S. Katika swali la matokeo hayatakiwi kuchukua zaidi ya sentensi moja au mbili za utangulizi.

Mstari wa kwanza ni njia ya kusini. Ilianzia Kilwa Kivinje na kuelekea magharibi hadi nchi zinazozunguka Ziwa Nyasa. Wafanyabiashara wake wakuu walikuwa Wayao, ambao walikuwa wakienda pwani na bidhaa zao tangu kabla ya karne ya 19. Pembe za ndovu zilipita humo, lakini jambo lililoitofautisha njia hii na nyingine ni wingi wa watumwa. Wafaransa waliwataka kwa mashamba ya visiwa vya Morisi na Reunioni, na baadaye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yakawataka kwa wingi zaidi. Kwa hiyo matokeo ya njia hii yana sura yake: vijiji kuvamiwa, watu kukimbilia milimani au kujenga maboma, mashamba kuachwa, na machifu wa Kiyao kama akina Mataka kujenga miji na kukusanya wafuasi kwa nguvu ya bunduki na nguo. Uislamu nao ulienea miongoni mwa Wayao kwa njia hii hii. Mwanafunzi anayetaka mfano wa madhara ya biashara ya utumwa anaupata hapa kwa urahisi kuliko mahali pengine.

Mstari wa pili, njia ya kati, ndio mpana zaidi, na si kosa ukichukua nusu ya karatasi. Ulianzia Bagamoyo na bandari jirani kama Saadani, ukapita Ugogo, ukafika Unyanyembe, yaani Tabora. Msafara ulichukua kati ya miezi miwili na mitatu kufika hapo. Kutoka Tabora njia iligawanyika. Tawi la magharibi lilikwenda Ujiji, likavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Manyema, kwenye vituo vya Nyangwe na Kasongo ambako Tippu Tip alijijengea mamlaka yake. Tawi la kaskazini lilipita Karagwe hadi Buganda, na wafanyabiashara wa pwani walifika kwa Kabaka Suna katika miaka ya 1840. Tawi la kusini-magharibi lilielekea Katanga kwenye shaba, na huko Msiri, mtu aliyetoka upande wa Unyamwezi, akaanzisha dola ya Garenganze.

Wanyamwezi ndio waliokuwa uti wa njia hii. Walikuwa wameshafika pwani wenyewe mwanzoni mwa karne, kabla Waarabu na Waswahili hawajaanza kuingia bara kwa misafara mikubwa. Vitabu vingine huandika kana kwamba njia ilifunguliwa kutoka pwani, na muhtasari uliokopi sentensi hiyo bila kufikiri hubeba kosa hilo hadi kwenye chumba cha mtihani. Jambo la pili la kuangaliwa ni wapagazi. Picha ya mtumwa aliyebebeshwa pembe imeenea, na haikukosa mifano yake, lakini sehemu kubwa ya mizigo ya njia ya kati ilibebwa na vijana wa Kinyamwezi waliolipwa ujira, kwa kawaida kwa nguo. Mzigo wa kawaida ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Kwa kijana wa Unyamwezi, kwenda pwani na kurudi kukawa sehemu ya kuwa mtu mzima. Hilo ni tokeo la kijamii lenye uzito, na halionekani kabisa kwa anayeandika tu kwamba mizigo ilibebwa na watumwa.

Mstari wa tatu ni wa kaskazini na unaweza kufupishwa zaidi. Kutoka Mombasa njia ilipita kwa Wamijikenda hadi Ukambani, na huko Wakamba walipeleka misafara yao hadi karibu na Mlima Kenya na mbele zaidi kutafuta pembe. Mfanyabiashara wao mashuhuri, Kivoi, aliuawa mwaka 1851. Njia nyingine za upande huu zilianzia Pangani na Tanga kuelekea Usambara na Kilimanjaro. Tokeo la kukumbukwa ni kwamba Wakamba hawakuudumisha ukuu wao: ndovu walipopungua karibu na kwao na misafara ya pwani ilipoanza kuingia bara yenyewe, nafasi ya mtu wa kati ikapotea. Mtahini akiuliza kama biashara iliwanufaisha Waafrika daima kwa kiasi kile kile, mfano huu unajibu katika sentensi mbili.

Safu ya bidhaa hujazwa kwa mishale. Mshale unaoelekea pwani huchukua pembe za ndovu na watumwa, na katika maeneo machache shaba na vitu vidogo vidogo. Mshale unaoelekea bara huchukua nguo, hasa merikani iliyotoka Marekani na kaniki ya rangi ya bluu, halafu shanga, waya wa shaba, bunduki na baruti. Kuna mshale wa tatu ambao karatasi nyingi hazina, ule unaokwenda na kurudi ndani ya bara. Chumvi ya Uvinza iliuzwa mbali na chemchemi zake, majembe ya chuma yaliyofuliwa na mafundi wa Uzinza na kwingineko yalibadilishwa kwa mifugo na nafaka, na misafara yenyewe ilinunua chakula kila ilipolala. Biashara hii ilikuwapo kabla ya misafara ya masafa marefu, na ndiyo iliyoyafanya masafa marefu yawezekane, kwa kuwa watu mia kadhaa hawavuki nchi bila mtu wa kuwauzia unga.

Bunduki hustahili alama yake ya pekee katika safu hii. Nguo ilivaliwa, ikachakaa, ikanunuliwa nyingine. Bunduki ilitumika kuwinda ndovu, kupata watumwa, na kuwazuia wengine wasifanye hivyo, kwa hiyo kila bunduki iliyoingia iliongeza uwezo wa kupata bidhaa ya kununulia bunduki nyingine. Mzunguko huo hueleza sehemu kubwa ya siasa za bara kati ya miaka ya 1850 na 1890.

Safu ya matokeo ndiyo ngumu, kwa sababu vitabu huyaandika kwa orodha ya majina: kukua kwa miji, kuibuka kwa dola, kuenea kwa Kiswahili, kuenea kwa Uislamu, vita, kupungua kwa watu. Jina la tokeo peke yake halina thamani kubwa katika insha. Linahitaji viungo vitatu: kitu gani cha biashara kilichosababisha, kilifanyaje kazi, na mfano wa mahali au mtu. Njia nzuri ya kupima kila kipengele ni kukisoma kisha kuuliza, "Kwa bidhaa gani, kwenye njia gani, kwa nani?" Kisichojibu maswali hayo matatu bado ni kichwa cha habari tu. Sentensi kama "biashara ilileta maendeleo" haijibu hata moja, na yafaa ifutwe.

Namna kazi hii inavyofanyika inaonekana vizuri kwenye kifungu kimoja. Tuseme sura ina aya ya namna hii:

Katika Unyanyembe wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamepata kibali cha kukaa karibu na ikulu ya mtemi, na biashara yao ikakua mwaka hadi mwaka. Fundikira alipofariki, mrithi wake Manwa Sera alitaka bidhaa zao zilipiwe ushuru. Wafanyabiashara walikataa, wakamuunga mkono mpinzani wake Mkasiwa, na Manwa Sera akafukuzwa. Kwa miaka kadhaa aliishambulia misafara mpaka alipouawa mwaka 1865. Baada yake Mirambo, kutoka upande wa magharibi wa Unyamwezi, aliunganisha tawala ndogo ndogo kwa msaada wa vijana wapiganaji walioitwa rugaruga, wenye bunduki. Mwaka 1871 aliifunga njia kati ya Tabora na Ujiji, akawashinda wafanyabiashara wa Tabora waliokwenda kumpiga. Alitoza hongo kwa waliopita katika nchi yake. Alifariki mwaka 1884 na dola yake ikasambaratika upesi.

Aya hiyo ina maneno karibu mia moja. Kosa la kwanza ni kuikopi yote kwa maneno machache kidogo, ikabaki hadithi ile ile iliyopunguzwa. Herufi za pembeni husaidia hapa. Njia ni Tabora hadi Ujiji. Bidhaa iliyo muhimu ni bunduki, pamoja na pembe zilizokuwa zikitozwa. Matokeo yako mawili, na hayafanani: migogoro kati ya watemi na wageni juu ya ushuru, na kuibuka kwa watawala wapya wenye jeshi. Katika karatasi ya muhtasari aya nzima hubaki mistari miwili tu:

Njia ya kati – ushuru wa bidhaa – Manwa Sera v. wafanyabiashara, wakamweka Mkasiwa. Manwa Sera auawa 1865.

Njia ya kati – bunduki, hongo – Mirambo na rugaruga, aifunga njia 1871. Afa 1884, dola yavunjika.

Mkasiwa na mwaka 1865 vinaweza hata kuachwa na mwanafunzi aliyebanwa na nafasi. Mwaka 1871 hauachwi, kwa sababu unathibitisha kwamba mtawala wa bara aliweza kuisimamisha biashara ya Waarabu. Namna ya kuchagua tarehe ni hiyo: hubaki ile inayobeba hoja. Kwa sura nzima tarehe tano au sita zinatosha, na miongoni mwake ni lazima uwemo 1873, mwaka Sultani Barghash alipokubali kulifunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari.

Mtihani ukifika, mstari wa pili hupanuliwa tena kuwa aya. Inaweza kusomeka hivi:

Biashara ya misafara ilisababisha kuibuka kwa dola mpya zenye nguvu za kijeshi. Watawala waliokuwa kando ya njia walipata bunduki na baruti kwa kuuza pembe au kutoza hongo, na silaha hizo ziliwawezesha kuwaajiri wapiganaji na kuziunganisha tawala ndogo za jirani. Kwa mfano, Mirambo wa Unyamwezi aliitumia njia ya Tabora hadi Ujiji kujipatia mapato na silaha, akawa na nguvu ya kuifunga njia hiyo mwaka 1871 na kuwashinda wafanyabiashara wa Tabora. Hata hivyo nguvu hizo zilimtegemea mtu mmoja na biashara moja, ndiyo maana dola yake ilivunjika upesi baada ya kifo chake mwaka 1884.

Sentensi ya kwanza inataja hoja, ya pili inaeleza ilivyofanya kazi, ya tatu inatoa mfano, na ya nne inapima. Hiyo ya nne si ya lazima katika kila aya, lakini ikitokea mara mbili au tatu katika insha humwonyesha msahihishaji kwamba mwandishi anafikiri juu ya anachokijua. Madarasa mengi yamezoea hoja sita kwa insha moja, pamoja na utangulizi na hitimisho. Kwa kipimo hicho karatasi ya muhtasari haihitaji zaidi ya matokeo manane: sita ya kutumia na mawili ya akiba.

Kuyachagua hayo manane kunataka usawa wa siasa, uchumi na jamii. Upande wa siasa kuna dola kama ya Mirambo au Msiri, na kuna vita vya urithi kama vya Unyanyembe. Upande wa uchumi kuna kukua kwa miji kama Tabora, Ujiji na Bagamoyo, na kuna kupungua kwa ndovu kulikoisukuma misafara kuingia bara zaidi na zaidi. Ndiyo sababu Manyema ikafikiwa. Upande wa jamii kuna Kiswahili kilichofika hadi Kongo ya mashariki kikiwa lugha ya misafara, Uislamu, mazao kama mahindi, muhogo na mpunga yaliyoenea kando ya njia, na madhara ya utumwa katika nchi za Ziwa Nyasa. Ndui ilisafiri na misafara pia, na ni hoja ambayo wengi hawaiandiki.

Kinachopotea katika ufupisho wa namna hii ni mabishano. Wanahistoria hawakubaliani ni kwa kiasi gani biashara hii ilidhoofisha jamii za bara na kuzifungulia njia kwa ukoloni, na ni kwa kiasi gani jamii hizo ziliitumia kwa faida yake. Mistari minane haiwezi kubeba mjadala huo, lakini alama ndogo pembeni inaweza: jumlisha kwa tokeo lililowajenga watu wa bara, toa kwa lililowaumiza, na zote mbili kwa lenye pande mbili. Mirambo hupata zote mbili. Uvamizi wa vijiji kwenye njia ya kusini hupata toa.

Alama hizo hutumika swali linapobadilika. Likisema "eleza matokeo", hoja sita huchukuliwa kutoka safu ya tatu kama zilivyo. Likisema "tathmini", hupangwa kwa alama: za jumlisha kwanza, za toa baadaye, na zenye pande mbili mwishoni, hapo hukumu inapotolewa. Likisema "linganisha njia ya kusini na ya kati", karatasi husomwa kwa mistari ya kulala: watumwa kwa wingi upande mmoja na pembe upande wa pili, Wayao na Wanyamwezi, vijiji vilivyohama na vijana waliolipwa ujira. Na likiuliza "sababu za kukua kwa biashara", safu zote tatu hukaa kando kwa muda, na zile aya zilizowekewa herufi S ndizo zinazofunguliwa.